Kugawana fiziolojia watu watano: yanayodhaniwa na yalivyo

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Mombasa wanaujua mpango huu. Moduli ya fiziolojia ni nene, mtihani uko karibu, basi watano wanagawana: moyo, mishipa na shinikizo la damu, mapafu, homoni, figo. Kila mmoja anakwenda kusoma fungu lake kisha anarudi kuwafunza wenziwe. Mpango ni mzuri, ila huharibiwa na mambo manne ambayo wengi huyaamini bila kuyachunguza.

Dhana: Haki ni kugawa kurasa sawa sawa.

Ukweli: Ukigawa kwa kurasa, mada nyingine zinakatwa katikati. Chukua namna mwili unavyolipandisha shinikizo la damu likishuka. Figo hutoa renini. Renini huikata angiotensinojeni, protini inayotengenezwa na ini, ikawa angiotensini ya kwanza. Hiyo ikipita mapafuni, kimeng'enya kilichoko kwenye kuta za mishipa ya huko huigeuza kuwa angiotensini ya pili, ambayo hubana mishipa na kuzichochea tezi za adrenali zitoe aldosteroni. Aldosteroni huifanya figo izuie sodiamu, na maji hufuata. Damu inayorudi moyoni huongezeka, na kila pigo husukuma zaidi.

Mada ni moja lakini imegusa mafungu yote matano. Mwenye mishipa ataiacha akidhani ni ya figo, mwenye figo ataipitia juu juu akidhani ni ya homoni. Kwa hivyo kabla ya kugawa, andikeni kando mada za mpakani na kila moja ipewe mtu. Hii apewe wa figo, kwa kuwa ndiko inakoanzia, na afunze mwisho, wenziwe wakiwa wameshaujenga msingi. Moyo utangulie. Huwezi kulielewa shinikizo kabla hujajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70 kwa pigo, mapigo yapata 72 kwa dakika, yaani karibu lita 5.

Dhana: Kila mtu achukue anachokiweza.

Ukweli: Anayekiweza huruka hatua bila kujua. Kama muda upo, fungu apewe anayesumbuliwa nalo, na mjuzi awe mkaguzi wake.

Dhana: Mwalimu akikosea, wenziwe watamshika.

Ukweli: Watamshikaje na hawajasoma? Mtu akisema kwa kujiamini kwamba renini ni homoni inayobana mishipa, wanne wanaandika hivyo hivyo na kosa linaingia nao mtihanini. Renini ni kimeng'enya. Inayobana ni angiotensini ya pili.

Mwanasaikolojia Elliot Aronson, alipoanzisha ufundishaji wa namna hii mwaka 1971 huko Austin, Texas, hakuwaacha wanafunzi waende kufunza moja kwa moja. Wenye fungu moja kutoka makundi mbalimbali walikutana kwanza, wakalipitia pamoja. Kundi la watano halina wenzao hao, na hapa ndipo wengi huteleza. Badala yake tumieni mzunguko: wa moyo asome pia mishipa, wa mishipa asome mapafu, wa mapafu homoni, wa homoni figo, na wa figo arudi kwenye moyo. Msomaji wa pili aje na maswali matano, tena awe tayari kushika nafasi siku mwenye fungu amekwama kwenye feri ya Likoni.

Dhana: Tumemsikia vizuri, basi tumeelewa.

Ukweli: Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyarudia kusoma, wengine walijipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana "nshashika" ya papo hapo haina uzito.

Kila fungu lipewe dakika 25 za kufunza. Kisha vitabu vifungwe, na kila mmoja achore mada kwenye karatasi tupu kwa dakika 10, halafu dakika 5 za kusahihisha. Jumla ni dakika 40. Mafungu matano kwa kikao kimoja ni dakika 200, na wa tano atafunza watu waliokwisha kuchoka. Fanyeni mawili siku ya kwanza, mawili ya pili, na siku ya tatu figo peke yake.

Muda unaobaki siku hiyo utumike kwa swali moja: mtu ameharisha mchana kutwa, shinikizo limeshuka. Kwa nini mkojo wake umepungua? Asijibu mtu kwa fungu lake mwenyewe. Wa mishipa aeleze aldosteroni, wa homoni aeleze pigo la moyo, wa moyo aeleze renini. Anayesema "hapo mwulize mwenyewe" ameonyesha fungu ambalo halijafika. Lirudiwe, safari hii na msomaji wa pili, kwa sababu maelezo ya wa kwanza ndiyo yaliyoshindwa kumfikia.