Maandishi ya ziara ya miguu: kituo, viwianishi na maelekezo

Maandishi ya ziara ya miguu ni yale anayoyashika muongoza wageni mkononi, au anayoyasoma mgeni mwenyewe kwenye simu, yakimpeleka kituo kwa kituo. Kila kituo kina mambo manne: namba, viwianishi, maneno ya kusema pale, na maelekezo mafupi ya kwenda kituo kinachofuata. Viwianishi ni zile namba mbili, latitudo na longitudo, ambazo wengi mtaani huziita koordineti au hata "lokesheni".

Mambo hayo manne yanaonekana kama yanarudiana. Kama nina namba za ramani, maelekezo ya nini? Kama nina maelekezo, namba za nini? Kila kimoja kina kazi ambayo chenzake hakiwezi kuifanya. Nitaonyesha kwa mji ninaoupenda kuutembea, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu ndio unaoumbua haraka maandishi yaliyoandikwa ofisini bila kutembewa.

Tuanze na namba za ramani. Ngome Kongwe iko kwenye -6.162, 39.188. Namba ya kwanza ni latitudo, na ile alama ya kutoa ina maana tuko kusini mwa Ikweta. Ya pili ni longitudo, mashariki mwa Greenwich. Ukisahau alama ya kutoa, mgeni anaonyeshwa kusini mwa Ethiopia. Ukizigeuza, longitudo ikatangulia, anaonyeshwa magharibi mwa Hispania, si mbali na mji wa Mérida. Makosa haya mawili ndiyo ya kawaida kuliko yote. Uzuri wake ni kwamba hayajifichi: bonyeza kila namba kabla hujachapisha, utaliona mara moja.

Kosa linalojificha ni la idadi ya tarakimu baada ya nukta. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta inahesabu vipande vya mita 111, ya nne mita 11, na ya tano mita moja na kidogo. Sasa angalia: Bustani ya Forodhani ni -6.161, 39.188. Ngome ni -6.162, 39.188. Beit-el-Ajaib ni -6.161, 39.189. Vituo vitatu tofauti, na kinachovitenganisha ni tarakimu moja ya mwisho. Namba fupi namna hii zinakufikisha mtaani lakini hazikusimamishi mahali. Kwa ziara ya miguu andika tarakimu tano.

Lakini tano za wapi? Waandishi wengi hufungua ramani, hubonyeza katikati ya paa la jengo, hunakili. Hizo ni namba za jengo. Kituo si jengo. Kituo ni mahali ambapo watu kumi na wawili wanaweza kusimama bila kuziba njia, wakaliona lile unalolieleza, wakakusikia, na ikiwezekana wakapata kivuli. Kwa Beit-el-Ajaib mahali hapo ni ng'ambo ya barabara, upande wa bustani, ambako uso mzima wa jengo unaonekana. Ukimpa mgeni namba za katikati ya paa, simu itamwambia asogee mbele mpaka ukutani. Kwa hiyo nenda, simama pale unapotaka wasimame, ngoja dakika nzima simu itulie, ndipo uandike. Rudia siku nyingine saa nyingine. Namba mbili zikipishana mita tatu au nne, hakuna neno. Zikipishana mita thelathini, usiziamini zote mbili.

Na zitapishana, hasa ukiiacha barabara ya pwani ukaingia ndani. Simu hupima mahali kwa kusikiliza mawimbi ya setilaiti kutoka sehemu mbalimbali za anga. Kwenye vichochoro vya Mkunazini au Soko Mohogo kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, na anga inayobaki juu ni utepe tu. Mawimbi yanayofika mengi yamegonga ukuta kwanza, yamechukua njia ndefu zaidi, na simu inadhani iko mahali ambapo haipo. Kile kidoti cha buluu kinaruka kichochoro cha pili. Mgeni anageuka, anapotea, na anaamini kosa ni lake.

Hapo ndipo maelekezo yanapoingia, na ndiyo sababu hayawezi kuachwa. Namba zinasema mwisho wa safari uko wapi, haziijui njia. Mstari ulionyooka kati ya vituo viwili vya Mji Mkongwe unapita kwenye vyumba vya watu.

Haya ni maandishi ya vituo vitatu vya pwani, kama ningeyaandika mimi. Nimeziacha namba kwenye tarakimu tatu kwa makusudi. Mbili zinazobaki zijazwe na yule atakayesimama pale.

Kituo cha 1. Ngome Kongwe (-6.162, 39.188)
Simama: ndani, kwenye nyasi, mgongo ukiwa kwenye lango.
Sema: Waarabu wa Omani waliijenga ngome hii baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.
Kwenda cha 2: Toka kuelekea Forodhani. Bahari ikiwa mbele yako, pinda kulia. Jengo kubwa linalofuata, upande wako wa kulia, ndilo. Vuka barabara ulitazame kutoka bustanini. Dakika 2.

Kituo cha 2. Beit-el-Ajaib (-6.161, 39.189)
Simama: upande wa bustani, si chini ya jengo.
Sema: Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883. Ndilo lililotangulia kuwa na umeme hapa Zanzibar, ndiyo maana likaitwa Nyumba ya Maajabu.
Kwenda cha 3: Endelea na barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kushoto kwako muda wote. Utapita jumba la masultani, kisha Mtini, ule mti mkubwa. Usiingie kichochoro chochote. Tafuta upande wa kulia jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Ukifika lango la bandari, umelipita. Dakika 10.

Kituo cha 3. Dispensari ya Zamani (-6.158, 39.191)
Simama: mbele, mahali unapoziona roshani zote.
Sema: Tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887. Alifariki 1891 halijaisha, mjane wake akalimaliza 1894. Jina la dispensari lilikuja baadaye, dawa zilipouzwa ghorofa ya chini.

Maelekezo ya kwenda cha 3 yana vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni kitu cha kushika njiani: bahari kushoto. Hakihitaji simu wala kujua kaskazini ni wapi. Cha pili ni alama ya katikati, Mtini, inayomwambia mgeni kwamba bado yuko sawa. Cha tatu, ambacho waandishi wengi hukisahau, ni alama ya kujua kwamba umepitiliza. Bila hiyo mtu aliyelikosa jengo ataendelea tu mpaka mtaa wa Malindi.

Utaona pia sikuandika "pinda kulia" peke yake popote. Kulia kwa nani? Aliyetoka ngomeni akiitazama bahari na aliyeipa mgongo wana kulia tofauti. Kwanza mgeuze mtu uso, ndipo umpe upande. Ndani ya vichochoro, ambako bahari haionekani, mgeuze kwa kitu kingine: "ukiwa umeupa mgongo mlango wa kanisa". Chagua vitu visivyohama. Baraza ya mawe inafaa. Mnara wa msikiti unafaa. Muuza kahawa hafai hata kama amekaa pale miaka, wala rangi ya duka, wala bango.

Lakini hata mawe hayadumu kwenye maandishi. Beit-el-Ajaib ilikuwa na mnara wa saa, na maandishi mengi yalisema "inua macho uutazame mnara". Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo iliporomoka, na mnara ukaenda nao. Watu wawili walipoteza maisha. Anayesoma maandishi ya zamani leo anainua macho, haoni kitu, na kibaya zaidi hasikii neno lolote juu ya tukio ambalo wenyeji wanaliumia mpaka sasa. Kwa hiyo kila kituo kiwe na tarehe ya mara ya mwisho kilipotembewa, ndogo, chini kabisa. Kituo kikifungwa, usizipange namba upya. Acha namba yake ikae na neno "kimefungwa", na kipya kikiingia kati ya 2 na 3 kiite 2A, maana kuna mtu ana ramani ya karatasi ya mwaka juzi mfukoni.

Limebaki la maneno yenyewe. Hapo Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, kulikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Karibu na kanisa wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini, wakaambiwa watumwa walifungiwa humo wakingoja kuuzwa. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Muandishi makini hawezi kuyaandika hayo mawili kwa sauti moja. Kufungwa kwa soko anaandika "lilifungwa". Habari za vyumba anaandika "inasemekana", kisha anataja umri wa jengo, mgeni apime mwenyewe. Mateso yaliyopita pale ni makubwa mno kiasi kwamba hayahitaji kuongezewa chumvi, na mgeni akigundua umemdanganya jambo moja, hatakuamini ukimwambia la kweli.

Urefu wa maneno unapimwa kwa miguu. Watu waliosimama juani saa saba mchana huanza kuhama mguu mmoja hadi mwingine baada ya dakika tatu hivi. Yasome kwa sauti pale pale kituoni, pikipiki zikipita, ukiwa na saa mkononi. Ukiona umefika dakika ya tano, hamishia nusu yake kwenye kituo chenye kivuli. Halafu mpe mtu asiyeujua mji, mfuate nyuma hatua ishirini bila kusema neno. Kila anaposimama kuangaza macho, weka alama kwenye karatasi: sentensi ya pale ndiyo ya kuandika upya.