Kwa nini oda za ngazi hujaa zote pale hisa inapoporomoka?

Nikinunua hisa kidogo kidogo kila bei inaposhuka, yaani kwa oda za ngazi, si wastani wangu unazidi kuwa nafuu? Hatari iko wapi?

Wastani unashuka kweli. Tatizo ni kwamba mzigo wako wa hisa unakuwa mkubwa kuliko wakati wowote pale hasa ulipokosea.

Chukua Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2021 hisa moja ilipita shilingi 40. Kufikia mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Tuseme mnunuzi alipanga oda nne zenye kikomo cha bei, yaani maagizo ya kununua kwa bei iliyotajwa au chini yake, hisa 1,000 kila moja, kwa shilingi 40, 36, 32 na 28. Zote zikijaa, yaani hisa zote zikinunuliwa kwa bei hizo, analipa 136,000, ada ya dalali kando, na wastani wake ni 34.

Bei ikigusa 40 kisha ikapanda hadi 44, imejaa oda ya kwanza tu, na faida ni 4,000. Ikiteremka hadi 14, zimejaa zote nne na hasara ni 80,000. Ili arudi alipoanza, hisa sharti ipande kutoka 14 hadi 34, yaani zaidi ya mara mbili. Hisa nzuri inayogeuka mapema humwachia kidogo. Inayoporomoka humpa yote aliyoomba. Kuongeza idadi kwenye ngazi za chini, kama wengi wanavyopenda, kunazidisha tofauti hiyo.

Kwa hiyo hesabu ianze chini, kwenye bei ya kutokea, ile utakayouzia ukikubali kwamba ulikosea. Ukiamua kwamba chini ya 24 sababu yako ya kununua imekufa, umbali kutoka wastani wa 34 ni shilingi 10 kwa hisa. Kama hasara unayoweza kuibeba ni 20,000, ngazi nzima ni hisa 2,000, yaani 500 kila oda, wala si 1,000. Punguza tena kidogo, maana siku ya kuuza wanunuzi wanaweza kuwa wachache na ukapata 23 au pungufu.

Nafasi kati ya ngazi nayo ina uzito. Oda za 40, 39.50 na 39 zinaweza kujaa asubuhi moja, na hapo hukununua kwa awamu. Nairobi kwa kawaida hairuhusu bei ya hisa kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, hivyo ngazi zilizopishana karibu na kiasi hicho mara nyingi hukupa usiku mmoja wa kusoma kilichotokea.

Utumie usiku huo. Kikomo cha bei hakijui habari: matokeo mabaya au gawio lililofutwa yakitangazwa, oda zako za 32 na 28 bado zinasubiri wauzaji. Kama bei imeshuka pamoja na soko zima, ziache. Kama kampuni yenyewe imebadilika, zifute kabla soko halijafunguliwa.