ANB kwenye eksirei ya kichwa ya pembeni inasema nini hasa

"ANB ikitoka kubwa si ndo taya la chini limebaki nyuma?"

Sio lazima, maana ANB ni tofauti tu ya pembe mbili, SNA na SNB. Kwenye mchoro unatia nukta S katikati ya kishimo cha tezi ya pituitari, N pale mfupa wa paji unapokutana na wa pua, A kwenye bonde la mfupa juu ya mizizi ya meno ya mbele ya juu, B bonde kama hilo kwenye taya la chini. SNA ni pembe pale N kati ya mstari wa kwenda S na wa kwenda A, SNB vilevile ila kwenda B. SNA kwa kawaida kama digrii 82, SNB 80, ukitoa inabaki 2, ndo ANB.

Sasa chukua wawili wenye ANB 6. Mmoja SNA 82, SNB 76, huyo kweli la chini liko nyuma. Mwingine SNA 88, SNB 82, hapo la juu ndo limetangulia, kwa hiyo ukiwa na ripoti yako angalia namba zote tatu.

Tena N ikikaa nyuma kidogo ANB inapanda bila taya kusogea. Kuhakiki, toka A na B shusha mistari ikate mstari wa meno yanapoumana kwa digrii 90, ikiangukia karibu sehemu moja basi mataya hayajaachana sana, ila mstari wa meno ukiinama sana nao unapotosha.