Mhasibu Anayehamia Kwenye Data Aanze na Usuluhisho wa Benki

Katika kozi fupi ya uchambuzi wa data ninayofundisha hapa Dodoma, jioni tatu kwa wiki kwa muda wa wiki nane, wahasibu hupenda kukaa viti vya nyuma. Siku ya kwanza hawakosi mmoja wa kuniambia, "Mwalimu, mimi ni mtu wa leja tu, haya mambo ya vijana wa kompyuta nitayaweza?" Huwa namuuliza kama amewahi kufanya usuluhisho wa benki. Anacheka. Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka minane au kumi, amekuwa akifanya nini kingine?

Basi tuanzie hapo. Katika usuluhisho una daftari la fedha upande mmoja na taarifa ya benki upande wa pili. Unatafuta namba ya hundi au ya muamala iliyoko kote kuwili, unatiki, unasonga mbele. Mwisho yanabaki mafungu mawili ya vitu visivyo na mwenzake: hundi ulizoandika ambazo hazijafika benki, na makato ya benki ambayo daftari lako halikuwa na habari nayo. Mchambuzi wa data anafanya kazi hiyohiyo, ila yeye huiita kuunganisha majedwali. Tiki zako ni mistari iliyooana, na namba ya hundi ndiyo ufunguo wa kuunganishia. Yale mafungu mawili yaliyobaki ndiyo mara nyingi anayoyatafuta kuliko hata yale yaliyooana.

Kuna na ujanja ambao mhasibu hauoni kuwa ni ujuzi kwa sababu ameuzoea. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, anashuku tarakimu zimepishana: 5,400 imeandikwa 4,500, tofauti ni 900. Vijana wangu wa kompyuta wanaweza kukesha wakitafuta kosa hilo.

Nieleze kisa cha dada mmoja aliyekuwa mhasibu wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti katika mkoa wetu. Kiwanda kinanunua mbegu kwa mawakala wa vijijini. Mzigo ukifika unapita kwenye mizani, unapewa namba ya hati, kilo zinaandikwa. Wakala halipwi zote siku ileile. Anaweza kupewa nusu leo na nusu baada ya wiki mbili. Kwa hiyo kulikuwa na majedwali mawili, la mapokezi na la malipo, na mwenye kiwanda alitaka kujua mizigo ipi bado haijamalizwa kulipwa. Dada akaomba kulifanyia kazi hilo kama zoezi lake la kozi. Tukakubaliana abadilishe majina ya mawakala kwa namba kabla ya kuleta chochote darasani.

Kwanza tarehe zilimtesa. Faili la mizani liliandika siku kwanza kisha mwezi, lakini kompyuta yake ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Excel ikasoma 05/06 kama tarehe 6 Mei badala ya 5 Juni, kimyakimya, bila kulalamika. Kuanzia tarehe 13 na kuendelea ilishindwa kabisa, kwa maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, ikaziacha kama maandishi. Ukitazama safu hiyo kwa utulivu unaliona kosa kwa macho: tarehe za kweli zimeegemea kulia mwa kisanduku, maandishi yameegemea kushoto. Yeye hakuligundua kwa njia hiyo. Aliligundua kwa sababu tulikuwa mwezi wa Agosti na jedwali lake lilionyesha mzigo uliopokelewa Desemba. "Mwalimu, huu mzigo umepokelewa kabla haujaja," aliniambia. Mtu aliyefunga hesabu za tarehe 30 Juni mara nyingi haoni tarehe kama pambo la pembeni. Alirudi kwenye faili la mwanzo, akalileta upya kwa Power Query, sehemu ya Excel ya kuingiza na kusafisha data, huku akiieleza kuwa siku inatangulia mwezi, na tarehe zikakaa sawa.

Kosa la pili ndilo ninalolitumia hadi leo kufundishia. Chukua mizigo minne tu. R101 ni kilo 2,400, R102 ni 1,850, R103 ni 3,100, na R104 ni 2,650. Jumla ni kilo 10,000 kamili. Hati R101 na R103 zililipwa kwa awamu mbili mbili, R102 ililipwa mara moja, R104 haijalipwa kabisa. Dada aliunganisha jedwali la mapokezi na la malipo kwa namba ya hati, akibakiza kila mzigo hata usiolipwa, kama kozi ilivyomfundisha, akajumlisha kilo. Akapata 15,500.

Amri haikuwa na kosa la kiuandishi, na kompyuta haikutoa onyo lolote. Kilichotokea ni kwamba R101 ina mistari miwili upande wa malipo, kwa hiyo kilo zake 2,400 zimejirudia mara mbili. R103 nayo vivyo hivyo. Ongeza 2,400 na 3,100, unapata ile 5,500 iliyozidi. Wengi wa wanafunzi wangu wasio wahasibu huchora grafu ya 15,500 na kuipeleka kwa bosi. Yeye alisimama kwa sababu kabla ya kuunganisha chochote alikuwa ameandika pembeni mwa daftari lake, kwa kalamu: mapokezi kilo 10,000. Ni mazoea ya urari. Jumla ya kabla lazima ioane na jumla ya baada, na isipooana hufungi ofisi.

Dawa ni kuyafupisha malipo kwanza, ili kila hati ibaki na mstari mmoja, ndipo uunganishe. Kwa SQL, lugha ya kuyauliza majedwali maswali, inaandikwa hivi:

```sql
SELECT m.hati, m.kilo, p.jumla
FROM mapokezi m
LEFT JOIN (
  SELECT hati, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM malipo
  GROUP BY hati
) p ON p.hati = m.hati;
```

Isome kama mhasibu. Yaliyomo ndani ya mabano ni leja ya kila hati iliyojumlishwa. `LEFT JOIN` inasema kila mzigo uliopokelewa ubaki kwenye orodha, hata kama haujalipwa. R104 itatokea na nafasi tupu kwenye `jumla`, sawasawa na hundi isiyofika benki. Ukitaka kuona hizo peke yake, ongeza `WHERE p.hati IS NULL` mwishoni, kabla ya ile alama ya `;`. Ukiandika `JOIN` tupu bila `LEFT`, R104 itapotea bila kelele, na mwenye kiwanda ataamini kila mzigo una malipo yake. Hapo jumla ingeshuka hadi 7,350, na ile namba iliyoandikwa kwa kalamu ingekuokoa tena.

Hadi hapa nimemsifu mhasibu. Sasa niseme anapokwama, maana nimeona wakikwama mahali palepale kila mwaka.

Wa kwanza ni ugonjwa wa kupamba jedwali. Mhasibu ameandaa taarifa za kusomwa na wakubwa, kwa hiyo anaunganisha visanduku, anaweka jumla ndogo katikati ya mistari, anaacha mstari mtupu kati ya mwezi na mwezi. Jedwali la uchambuzi halitaki hayo. Mstari mmoja uwe tukio moja, safu moja iwe kitu kimoja, na jumla zikae mahali pengine. Hili linapona ndani ya wiki mbili.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni la moyoni. Uhasibu unamfundisha mtu kwamba jibu lipo na ni lazima lifike hadi shilingi. Data haina tabia hiyo. Baada ya kumaliza suala la malipo, dada yetu aliulizwa swali jingine: mbegu za wakala yupi zinatoa mafuta mengi? Wakala mmoja alikuwa na mizigo mitano, na kila kilo 100 za mbegu zake zilitoa kilo hizi za mafuta: 24, 25, 23, 24, na 9. Wastani ni 21. Mediani, yaani ile ya katikati ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, ni 24. Kwa wastani wakala huyu ni dhaifu, kwa mediani ni mzuri.

Silika ya mhasibu ilimwambia atafute kosa kwenye hiyo 9 na airekebishe. Alipoenda kuuliza mashineni, akaambiwa siku ile kikamulio kilikuwa na hitilafu na mafuta mengi yalitoka pamoja na mashudu. Kwa hiyo 9 ilikuwa namba sahihi, iliyoandikwa sahihi, lakini ilikuwa inaeleza habari za mashine badala ya habari za mbegu. Haikufaa kufutwa, na haikufaa kuachwa ndani ya wastani bila maelezo. Aliiacha kwenye jedwali, akaongeza safu ya hali ya mashine, akatoa hesabu mbili. Kisha nikamwongezea lililomuudhi: hata bila hiyo 9, mizigo minne haitoshi kusema wakala huyu anamzidi mwenzake mwenye 23. Mizigo minne mingine ingeweza kugeuza mambo. "Kwa hiyo nimwambie nini mwenye kiwanda?" aliuliza. Nikamjibu amwambie hivyohivyo, dada, na ampe idadi ya mizigo kando ya kila wastani.

Sehemu hii ya kukadiria kwa sampuli ndiyo kozi fupi moja isiyoimaliza, na anayekuahidi kuimaliza kwa wiki nane anakuuzia maneno. Ukiwa unachagua kozi, angalia vitu vichache tu: kuna SQL ya kuandika kwa mkono wako, kuna kusafisha faili chafu lililotoka ofisini badala ya lililonyooshwa na mwalimu, na kuna kazi moja ya mwisho itakayobaki mikononi mwako. Chombo cha grafu kama Power BI utakijua ukiendelea; kisikufanye uchague kozi.

Kuhusu hiyo kazi ya mwisho, usichukue data ya mwajiri wako na kuizungusha kwa waajiri wengine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama sheria isingekuwepo, mhasibu anayetembea na orodha ya wadai wa ofisi yake kwenye flashi haajiriki. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, inatoa kwa umma matokeo ya Sensa ya 2022 na ya tafiti zake nyingine. Hayo yanatosha kuonyesha unachoweza.

Dada wa alizeti alifanya hivyo kwa jedwali la idadi ya watu kwa wilaya. Mstari wa juu kabisa wa kazi yake, kabla ya grafu yoyote, uliandika mistari mingapi iliingia, mingapi ilitoka, na jumla ya kabla na ya baada. Kwenye usaili aliulizwa swali moja la kiufundi: ukiunganisha majedwali mawili na jumla ikaongezeka, utaanzia wapi? Aliomba karatasi, akaandika R101, R102, R103, R104.