Vifurushi vitatu vya programu ya hesabu: dhana potofu kuhusu maneno ya ukurasa wa bei

Anayefungua ukurasa wa bei wa programu ya kuweka hesabu huwa na swali moja: kati ya hivi vitatu, changu ni kipi? Nimeandika na kusahihisha kurasa za namna hii, na mara nyingi kinachomkwamisha msomaji si bei yenyewe. Anakwamishwa na neno lenye maana moja katika kifurushi cha kwanza na maana nyingine katika cha pili. Hapa nitashika mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho: programu yenye vifurushi vya Msingi, Biashara na Kampuni.

Dhana: Alama ya vema inatosha kuonyesha tofauti

Alama ya vema hujibu swali la kipo au hakipo. Lakini programu za hesabu kwa kawaida huweka mambo yaleyale katika vifurushi vyote: ankara, risiti, ripoti ya faida na hasara, kuunganisha akaunti ya benki. Kinachotofautiana ni kiasi. Mstari wa ankara ukiwa na vema tatu, msomaji anaona vitu vitatu vinavyofanana vyenye bei tatu, na kwa haki kabisa atachukua cha bei ya chini. Kisha katikati ya mwezi, mteja wake akiwa anasubiri ankara, anagonga kikomo ambacho hakukiona popote.

Wengine huondoa vema na kuweka maneno, na hali haibadiliki:

> Ankara. Msingi: za kuanzia. Biashara: nyingi zaidi. Kampuni: bila kikomo.

Hapo kila kifurushi kina kipimo chake, na mtu hawezi kulinganisha "za kuanzia" na "nyingi zaidi" kama hajui za kuanzia ni ngapi. Mstari huohuo ningeuandika hivi:

> Ankara unazoweza kutuma kwa mwezi. Msingi: 20. Biashara: 200. Kampuni: bila kikomo.

Kipimo kimehamia kwenye jina la mstari, na visanduku vimebaki na jibu peke yake. Jicho linapita mara moja toka kushoto hadi kulia. Neno "kutuma" nalo limewekwa kwa makusudi, kwa sababu linamwambia msomaji kwamba ankara iliyobaki rasimu haihesabiwi. Kama kwenu rasimu zinahesabiwa, basi neno sahihi ni "kutengeneza". Msikisie, waulizeni waliounda programu inahesabu nini, na inaanza kuhesabu upya lini: tarehe 1, au siku ambayo mteja alijiunga.

Inabaki ankara ya 21. Ama programu itaikataa, ama itamtoza mteja ziada, ama itampandisha kifurushi yenyewe. Mambo haya matatu yana uzito tofauti sana mfukoni mwa mtu, kwa hiyo jibu liwe chini ya mstari huohuo, kwa sentensi moja: "Ukimaliza ankara 20, utaendelea kuona na kupakua za zamani; ili utume mpya, subiri mwezi ujao au panda kifurushi." Na kama "bila kikomo" ina kikomo kilichofichwa katika masharti, hata kiwe 5,000, andikeni 5,000. Mwenye biashara ndogo ataona ni nyingi mno kwake, na mwenye biashara kubwa hatajikuta amedanganywa.

Dhana: "Kila kitu kilichomo katika Msingi, pamoja na…" hurahisisha

Hurahisisha pale tu vifurushi vinapopanda kama ngazi kweli. Mara nyingi kuna kitu kinachobadilishwa badala ya kuongezwa. Tuseme Msingi inasaidia wateja kwa barua pepe, na Biashara inawasaidia kwa simu tu. Hapo sentensi ile tayari si kweli.

Tatizo la pili huonekana kwenye simu. Katika skrini pana vifurushi hukaa ubavu kwa ubavu, lakini kwenye simu mara nyingi hupangwa kimoja chini ya kingine. Anayesoma Kampuni anaambiwa ina kila kilichomo katika Biashara, anarudi juu, anakuta Biashara nayo inamwelekeza Msingi. Mimi huiacha sentensi hiyo ikiwa ni ya kweli, ila narudia chini yake mambo manne ambayo watu huamulia: ankara, watu wanaoingia, akaunti za benki, na biashara ngapi zinaweza kuwekewa hesabu ndani ya akaunti moja. Hayo yawe kwa mpangilio uleule na maneno yaleyale katika vifurushi vyote vitatu. Hapa marudio ni msaada, wala mwandishi asiyaonee aibu.

Dhana: Kila mtu anajua "mtumiaji" ni nani

Katika hesabu hili si jambo dogo. Yupo mwenye biashara, yupo karani anayeingiza risiti, yupo mwenzake anayetazama ripoti bila kugusa kitu, na yupo mhasibu wa nje anayeingia mwisho wa mwezi kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Ukurasa ukisema tu "Mtumiaji 1", mwenye karani na mhasibu hajui kama anahitaji nafasi 1, 2 au 3. Ningeandika: "Watu wanaoweza kuingiza hesabu. Msingi: 1. Biashara: 3. Kampuni: 10. Mhasibu wako wa nje hahesabiwi katika kifurushi chochote." Bila shaka iandikwe hivyo kama ndivyo programu inavyofanya.

Dhana: Majina ya kuvutia huuza

Dhahabu, Almasi na Platinamu havimwambii mtu lolote kuhusu ukubwa wa kazi yake. Chini ya jina wekeni mstari unaomtaja mhusika: "Kwa anayefanya kazi peke yake na kutuma ankara chache."

Dhana: Ionyesheni bei ndogo kuliko zote

Bei ndogo kwa kawaida ni ya mwezi kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anaona kiasi cha mwezi mmoja, anafika kwenye malipo, anadaiwa cha miezi 12. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa iwe na kiasi kitakacholipwa leo karibu yake. Punguzo nalo lielezwe kwa miezi. "Lipa miezi 10, tumia 12" hueleweka kwa yeyote, ilhali "okoa asilimia 17", ambayo ni hesabu ileile, inamlazimu akokotoe.

Kujua kama maneno yamekaa sawa, mpe ukurasa mtu asiyeijua programu na umuulize: "Unatuma ankara 35 kwa mwezi, una karani mmoja na mhasibu wa nje. Utachukua kipi, na leo utalipa kiasi gani?" Tazama kidole chake. Kikipanda na kushuka mara kadhaa juu ya mstari mmoja, mstari huo ndio wa kuandikwa upya.

Dhana: Kushuka au kuacha kifurushi ni habari ya masharti

Hesabu si kama picha au muziki. Mtu hutakiwa kutunza kumbukumbu zake miaka kadhaa kwa ajili ya kodi, kwa hiyo kabla hajalipa anataka kujua zitakuwaje akiondoka. Nimeona watu wakilipa kifurushi wasichokihitaji tena kwa hofu tu ya kupoteza daftari la mwaka uliopita. Jibu liwe mstari wa mwisho wa jedwali, lenye maneno yaleyale katika vifurushi vyote, kwa mfano: "Ukiacha kulipa, hutaweza kuingiza hesabu mpya, lakini utaendelea kusoma na kupakua za zamani kwa miezi 12."