Kiapo hurekebisha jina, ugonjwa una shahidi wake

"Mama alifia hospitalini Kisumu. Jina lake kwenye cheti cha kifo limerekebishwa kwa kiapo. Mbona chanzo cha kifo ofisi ya usajili imekataa kukigusa?"

Kwa sababu makosa hayo mawili yana mashahidi tofauti. Jina la mama yako mnalijua nyinyi jamaa zake. Kilichomuua hukithibitisha daktari.

Mimi nilidhani kwa muda mrefu kwamba kinachorekebishwa ni cheti. Baba mdogo alifia Kisumu tukamzika Webuye, na cheti kikatoka na "Kaemba" badala ya "Khaemba". Nikakipeleka ofisi ya usajili iliyo karibu na nyumbani. Kumbe cheti ni kivuli tu. Mti wenyewe ni rejista, na rejista hufuata mahali mtu alipofia, si alipozikwa. Webuye hapakuwa na cha kurekebisha.

Hata rejista yenyewe haifutwi. Sheria ya Kenya ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka sahihisho liandikwe pembeni, na maandishi ya kwanza yabaki yalivyo. Kwa jina, watu wawili wanaoujua ukweli hueleza kwa kiapo lilivyoandikwa na linavyopaswa kuwa. Kwetu waliapa shangazi na binamu yangu mkubwa, tukaambatisha kitambulisho cha marehemu, kibali cha mazishi na cheti chenye kosa. Herufi moja, lakini hatimiliki ya shamba ilikuwa na "Kh".

Chanzo cha kifo kina njia nyingine. Mtu akifia hospitalini, daktari hujaza fomu D1, na mistari yake a, b na c husomwa kama mtu anayepanda mto akiitafuta chemchemi. Mstari a ni kilichomaliza uhai, tuseme maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Yalitoka wapi? Mstari b: kidonda cha mguu kilichooza. Na kidonda? Mstari c: kisukari. Daktari akiishia a, familia iliyomuuguza mama kisukari miaka mingi itaona uongo, ilhali alichoandika ni kweli iliyokatwa njiani.

Kiapo chenu hakiwezi kuujaza mstari c. Anayeweza ni daktari aliyetia sahihi, au mkuu wa hospitali ikiwa amehama, akilisoma faili na kumwandikia msajili barua yenye mistari yote. Faili lisipotaja kisukari, hana pa kushika. Ripoti ya upasuaji wa maiti ingesaidia, lakini baada ya mazishi kufukua kaburi kunahitaji ruhusa ya kisheria.

Aliyefia nyumbani ni tofauti: naibu wa chifu hujaza D2 kwa maelezo ya familia, kwa hiyo chanzo kilichomo ni dhaifu tangu mwanzo, na kadi za kliniki ndizo ushahidi mtakaoutafuta.

Kwa mama yako, anzieni chumba cha kumbukumbu cha hospitali mkiwa na cheti, kibali cha mazishi na namba yake ya mgonjwa, kabla ya kumlipa wakili kwa kiapo cha pili.