Kuchana hati ya uwakilishi hakufungi akaunti

"Nilimpa mpwa wangu hati ya uwakilishi, aendeshe akaunti yangu ya benki na kupokea kodi ya wapangaji kwa niaba yangu. Tumekosana, nimeichana mbele yake. Si imeisha?"

La, mama. Nakala iko kwenye faili la benki, na karani hana habari ya ugomvi wenu. Mpwa akitoa pesa kesho, benki itasema ililipa kwa nia njema bila kujua, na kwa kawaida hoja hiyo huwa na uzito mahakamani.

Andika hati ya kutengua: majina yenu, nambari za vitambulisho, tarehe ya hati ya kwanza, na kwamba mamlaka yote yamekoma. Itie sahihi mbele ya wakili. Ikiwa ile ya kwanza ilisajiliwa, tuseme kwa ajili ya nyumba ya Kisauni, na hii isajiliwe papo hapo iliposajiliwa ile. Vinginevyo daftari bado linamtambua. Mpwa naye apelekewe nakala.

Kisha nenda tawini kwako na nakala mbili. Moja waache, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea, wenye tarehe na saa. Muhuri huo ndio ushahidi wako. Simu kwa meneja haitoshi, hata mkijuana. Dai kwa maandishi wafute sahihi ya mpwa kwenye akaunti, na ukumbuke kitabu cha hundi na huduma za simu, maana hapo ndipo watu husahau. Wapangaji nao waandikie, la sivyo kodi itaendelea kumfikia.

Ila kama hati ilitolewa kuwa dhamana ya deni, huenda huwezi kuitengua peke yako.